Mimi au yeye? Kikao cha ukoo ambacho Atu hakualikwa

*"Shikamoo mwalimu. Niko Makambako, naandika riwaya nimefika sura ya tisa. Ni ya binti anaitwa Atu, wa Rungwe, kaka yake Gwamaka anauza shamba la marehemu baba yao kwa siri. Nilianza na 'mimi', Atu mwenyewe anasimulia, ila sura ya sita kuna kikao cha ukoo ambacho Atu hayupo, ikabidi nigeukie 'yeye' na nimeendelea hivyohivyo mpaka sasa. Rafiki yangu kasoma anasema amepotea. Nichague ipi, na nikishachagua nitaishikaje mpaka mwisho?"*

Marahaba mdogo wangu. Jibu nalitanguliza ili usisome huku roho iko juu: rudi kwenye mimi, sura ya sita iweke pembeni, na hicho kikao msomaji akipate kupitia macho na masikio ya Atu hata kama Atu hakualikwa. Sasa ngoja nieleze kwa nini, maana ukibeba jibu bila sababu zake, sura ya kumi na mbili utakwama tena palepale.

Wengi wakiniletea mswada hapa Uyole wanaliuliza hili swali kama swali la sarufi, niandike nili- au niandike ali-. Mimi naliona ni swali la siri. Kila riwaya ina kitu ambacho mtu fulani ndani yake hakijui, na mwandishi inabidi uamue msomaji akijue lini, akijue kabla ya huyo mtu au akijue siku moja naye. Kwako siri ni shamba limeuzwa. Msomaji akijua kabla ya Atu, utamu wa kitabu unakuwa hofu: anamwona binti anaamka alfajiri na ukungu wote ule anaenda kupalilia migomba, na yeye msomaji anataka kupiga kelele, we binti acha, hilo si lenu tena. Msomaji akijua pamoja na Atu, utamu unakuwa wasiwasi unaopanda kidogokidogo, kuna kitu hakiko sawa nyumbani ila hakijulikani ni nini, mpaka siku kinapasuka. Utamu wote huo ni mzuri lakini huwezi kuupata wote kwa siri moja, chagua mmoja.

Wewe sura tano nzima umemkalisha msomaji ndani ya kichwa cha Atu. Kazoea kuona anachoona yeye na kubahatisha anapobahatisha. Sura ya sita ukamnyanyua ukampeleka sebuleni kwa baba mkubwa, akaambiwa kila kitu, bei, mnunuzi, nani kakubali nani kakataa. Sura ya saba unarudi kwa Atu ambaye bado anashangaa kwa nini kaka yake kanunua simu mpya, na msomaji anamwona binti kama mjinga, wakati sura ya tano alimwona ana akili. Hapo ndipo rafiki yako alipopotea. Kiambishi kilibadilika kweli, ila kilichomchanganya zaidi ni kwamba hajui tena akae wapi.

Kuna kesi moja ambayo ningekwambia uende yeye bila kusita, na ni rahisi kuipima. Chukua karatasi, andika ukurasa mmoja kutoka kichwani kwa Gwamaka, usiku wa kuamkia kikao, hajalala, anajua kesho atasema nini mbele ya wazee. Usimtetee wala usimhukumu, andika tu anachowaza. Ukimaliza soma. Kama huo ukurasa una nguvu kuliko kurasa za Atu, kama umegundua Gwamaka naye ana deni linalomkaba na ana haki yake kidogo, basi kitabu ni cha watu wawili na mimi ya Atu itakubana. Hapo unaandika yeye, sura moja uko na Atu, sura moja uko na Gwamaka, na huo mpangilio msomaji auone mapema, sura ya pili tayari tuwe kwa Gwamaka. Mtindo unaoonekana kwa mara ya kwanza sura ya sita msomaji anauchukulia kama ajali, hata ukiwa umeupanga. Ila kwa ulivyonieleza, wewe hukuhama kwa sababu Gwamaka alikuita. Ulihama kwa sababu ulikwama na kikao. Sababu ya kukwama haitoshi kubadilisha kitabu.

Kabla ya kuja kwenye kikao chenyewe kuna kitu cha Kiswahili lazima ukijue, kwa sababu ushauri mwingi wa kuandika riwaya unatoka kwenye lugha ambazo yeye wa kiume na yeye wa kike ni maneno mawili tofauti. Sisi hatuna hiyo. Kwetu a- ni wa kila mtu, Atu, Gwamaka, Mama, baba mkubwa, hata ng'ombe. Na -m- ya kutendwa nayo ni ya kila mtu. Kwa hiyo yeye kwa Kiswahili ina gharama kubwa kuliko watu wanavyodhani, hasa sini ya watu wawili. Angalia hii ikiwa kwenye mimi:

"Nilimfuata Kaka mpaka bandani. Alinitazama, akaniambia nirudi kwa Mama."

Hakuna mtu atauliza nani kamwambia nani. Ni- iko upande mmoja, a- iko upande mwingine, wamekaa kama watu wawili mezani. Sasa igeuze kwa kubadilisha viambishi tu, kama wengi wanavyofanya:

"Alimfuata Kaka mpaka bandani. Alimtazama, akamwambia arudi kwa Mama."

Nani alimtazama nani? Nani arudi? Hata mimi niliyeitunga sasa hivi naanza kusita. Ili ikae sawa inabidi uandike "Atu alimfuata Gwamaka mpaka bandani. Gwamaka alimtazama, akamwambia arudi kwa mama yao." Majina yameingia matatu, na sini ya kurasa nne ya watu wawili inaweza kubeba majina arobaini ukiiacha hivihivi. Wanaoandika yeye vizuri kwa Kiswahili wana njia zao, wanaacha wahusika waongee wenyewe kwenye alama za kufungua na kufunga badala ya kuripoti alimwambia kwamba, wanatumia mwenzake, dada mtu, kaka mtu, wanampa mmoja kitu mkononi ili kitu hicho kimtambulishe, yule mwenye panga. Inawezekana kabisa, ila ni kazi, na ujue unailipia. Mimi ya Atu inakupunguzia nusu ya hiyo kazi bure.

Na kuna mvuto mwingine wa kwetu. Tumekua na hadithi za jioni, paukwa pakawa, na bibi anayesimulia anajua yote, anajua sungura kawaza nini na fisi kawaza nini na mfalme usiku aliota nini. Huo ni usimulizi halali na una heshima yake, msimulizi anayejua yote. Ila bibi anajua yote tangu neno la kwanza. Hakuna bibi anayeanza na mimi sungura halafu katikati anaanza kumjua fisi. Nadhani kalamu yako ilipokwama sura ya sita ilikimbilia kwa bibi, maana ndiyo sauti tuliyoizoea tangu utotoni.

Haya, kikao. Hebu tukifanyie kazi kama kilivyo. Nitatunga maelezo yangu mwenyewe maana kitabu chako sijakisoma, wewe utaweka ya kwako.

Kitu cha kwanza jiulize Atu yuko wapi saa ile kikao kinakaa. Waandishi wanasahau hili, wanasema hayupo, kama vile kutokuwepo sebuleni ni kutokuwepo duniani. Yuko mahali. Ni binti wa nyumbani, kikao cha wazee kinahitaji chai, kinahitaji ndizi zipikwe, kinahitaji viti viazimwe kwa jirani. Kwa hiyo Atu yuko jikoni au yuko njiani na viti. Kitu cha pili, kutoka alipo anaona nini na anasikia nini, kwa uaminifu, bila wewe kumsogezea mlango. Mvua ya Rungwe inapiga bati, huwezi kusikia sentensi nzima kutoka jikoni, utasikia vipande. Kitu cha tatu, kikao kinaacha nini nyuma yake kikiisha, maana vikao vya mali vinaacha karatasi, vinaacha wino, vinaacha watu wasiotazamana usoni.

Sasa angalia:

"Nilipopeleka birika mara ya pili mlango ulifunguliwa nusu, Baba Mkubwa akalipokea mwenyewe. Hajawahi kupokea birika. Nyuma yake niliona miguu tu chini ya meza, na mingine yote niliijua, ndara za Baba Mdogo, raba za Kaka zilizotoboka kidole. Kulikuwa na viatu vyeusi vya ngozi ambavyo havikuwa na tope hata kidogo, na nje mvua ilikuwa ya siku ya tatu. Mwenye viatu vile alikuja na gari.

"Jioni Mama alikaa na mimi kumenya ndizi. Kidole gumba chake cha kulia kilikuwa na doa la zambarau. Nikadhani ni utomvu. Nikachukua ndizi ya pili, nikamenya, nikaangalia vidole vyangu. Utomvu ulikuwa unageuka mweusi kama siku zote."

Imetosha. Msomaji wako wa Tukuyu, wa Njombe, wa popote anajua wino wa zambarau kwenye kidole gumba maana yake nini, mtu kaweka dole gumba kwenye karatasi. Anajua kuna mgeni mwenye gari kakaa kwenye kikao cha ukoo. Hajui bei wala hajui ni shamba lipi, ila tumbo lake limeshakaza, sawasawa na tumbo la Atu. Na ona kilichotokea kwa Mama: kwenye kikao chako cha yeye ingekubidi ueleze Mama alikubali kwa nini, hapa kidole chake kimesema kakubali na swali la kwa nini limebaki mikononi mwa Atu, na hilo swali litakubeba sura tatu mbele. Yale maelezo mengine, bei, jina la mnunuzi, nani alipinga, yagawe. Shangazi ataropoka moja siku ana hasira na Gwamaka. Mtoto wa baba mdogo atasema jingine akidhani Atu anajua. Nakala ya mauziano Atu ataikuta kwenye sanduku, na hapo ndipo kitabu kinapasuka.

Kitu ambacho mimi itakudai na yeye isingekudai ni hiki: Atu anasimulia akiwa na umri gani? Ndani ya mimi kuna Atu wawili, aliyemenya ndizi siku ile na anayetusimulia leo. Kama anasimulia miaka kumi baadaye akiwa na duka lake Mwanjelwa, basi anajua kila kitu tangu ukurasa wa kwanza, na anaruhusiwa kusema "sikujua kwamba ile ndiyo ilikuwa jioni ya mwisho kumenya ndizi za shamba letu." Kama anasimulia mambo yakiwa mabichi, hiyo sentensi hairuhusiwi popote. Chagua, andika kwenye karatasi ubandike ukutani, anasimulia mwaka gani, akiwa wapi. Nimekuta miswada mingi ambayo haikuvunja mimi na yeye hata mara moja lakini ilivunja hili, sura ya pili msimulizi ana busara ya mtu mzima, sura ya nne analia kama hajui kesho, sura ya tano tena anatabiri. Msomaji hawezi kukwambia kasoro iko wapi, atasema tu huyu binti simwelewi. Mimi kwa kitabu chako ningechagua Atu aliye karibu na matukio, mwaka mmoja tu baadaye, maana siri yako inataka wasiwasi na busara nyingi itaupoza.

Sasa kushika mpaka mwisho. Mswada wangu wa kwanza kabisa ulirudi kutoka kwa mhariri ukiwa na maneno mawili ya penseli pembeni, yamerudiwa karibu kila ukurasa: nani anaona? Sijapata chombo bora kuliko hicho mpaka leo. Kila sentensi inayokutia shaka iulize, nani anaona hiki, na amekaa wapi. "Uso wangu uliiva kwa hasira." Nani anaona? Atu haoni uso wake. Andika "masikio yaliniwaka moto." "Mama aliona aibu." Nani anaona? Atu hayuko kifuani kwa Mama. Andika anachoweza kukiona, "Mama hakuninyanyulia macho, akachukua ndizi ambayo nilikuwa nimeshaimenya akaanza kuimenya tena." Atu anaruhusiwa kukisia, nadhani Mama aliona aibu, ni sawa, binadamu tunakisia, na anaruhusiwa hata kukisia vibaya na kuja kujua baadaye. Asichoruhusiwa ni kujua.

Kuna maneno madogo ya Kiswahili yanayovujisha mtazamo kuliko vitenzi vikubwa, hayo yaangalie kwa jicho kali. Kumbe ni la kwanza. Kumbe ni ya anayeshangaa. Ukiandika "kumbe mnunuzi alikuwa ameshalipa nusu" huo mshangao ni wa nani? Kama Atu hayupo hapo, umeshangaa wewe mwandishi, na msomaji kakusikia. Eti ni vilevile, eti ni ya mtu anayetilia shaka aliyoambiwa, lazima mtu huyo awepo kwenye sini. Kuja na kwenda: "Gwamaka alikuja Mbeya" maana yake msimulizi yuko Mbeya, na kama Atu yuko kijijini basi Gwamaka alikwenda Mbeya. Huku na kule, hapa na pale, hivyohivyo.

Halafu Mama. Mama peke yake, bila yangu wala yake, kwa Kiswahili ni mama wa anayesimulia. Kwenye mimi andika Mama, Kaka, Baba Mkubwa, raha mustarehe. Ukiona umeandika "mama yake" ukimaanisha mama wa Atu, ujue yeye ya sura ya sita imebaki imejificha. Na watu waitwe anavyowaita Atu kichwani mwake. Kama sura tano ni Kaka, sura ya saba asiwe ghafla Gwamaka isipokuwa kuna sababu, na ningekushauri uwe nayo: siku Atu anakuta nakala ya mauziano, kuanzia mstari ule mwite Gwamaka mpaka mwisho wa kitabu, usieleze. Msomaji atausikia huo uchungu. Lakini ili afike hapo lazima uwe umeshika Kaka bila kuteleza hata mara moja kabla yake.

Kuhusu kazi yenyewe ya kurudisha sura sita mpaka tisa kwenye mimi, nakuomba usikae kubadilisha neno kwa neno. Mtu anayehama kutoka mimi kwenda yeye anaweza kusaidiwa na kompyuta, maana ni- ni ya mtu mmoja kwenye masimulizi. Kwenye Microsoft Word anafungua kutafuta kwa `Ctrl+H`, anabofya `More`, anaweka tiki kwenye `Use wildcards`, halafu anatafuta hivi:

```
<[Nn]i[lmtk][a-z]@>
```

Inamletea nilikwenda, nimeona, nitasema, nikamwambia, moja baada ya nyingine, anaamua. Asibonyeze `Replace All`, maana mazungumzo ya wahusika nayo yana ni-, na Baba Mkubwa akisema "nimeamua" hatakiwi kugeuka "ameamua." Pia sikujua na sijui hazimo humo, hizo ukizitafuta kwa si- utaletewa siku, simu na siri zote za kitabu, kwa hiyo za kukana anazitafuta kwa macho. Ila wewe unatoka yeye kwenda mimi, na upande huo kompyuta haina msaada mkubwa, kwa sababu ile ile niliyosema juu, a- ni ya kila mtu na mashine haijui ipi ni ya Atu. Fungua faili jipya. Sura ya zamani isome mara moja jioni, ifunge, asubuhi andika upya sini ileile ukiwa umekaa alipokaa Atu, bila kuchungulia. Utashangaa ni mambo mangapi hayarudi yenyewe, na mengi ya hayo ni yale ambayo Atu hakuwa na njia ya kuyajua.

Juu ya kila sura, kabla ya mstari wa kwanza, andika mistari miwili ya kwako mwenyewe, utaifuta mwishoni: Atu yuko wapi hapa, na mpaka sasa anajua nini kuhusu shamba. Mfano sura ya sita ingesomeka, yuko jikoni kwa baba mkubwa, anajua kuna mgeni na kuna wino, hajui ni shamba. Sura ya saba, yuko nyumbani, anajua Kaka ana hela, hajaziunganisha. Hiyo ya pili ndiyo itakulinda zaidi, maana mwandishi anajua kila kitu na ujuzi wake unavuja kwa msimulizi bila yeye kuhisi, unakuta Atu sura ya saba anamjibu Kaka kwa hasira ambayo hana sababu nayo bado.

Ukishamaliza rasimu ya sura, yale mabaki ya vichwa vya watu wengine yatafute kwa kutafuta kwa kawaida tu, neno moja moja, alihisi, aliwaza, alijua, alikumbuka, alitamani. Kila inapotokea iulize ni ya nani. Ikiwa ya mtu mwingine asiye Atu, ibadilishe iwe kitendo kinachoonekana au ifute. Kama unaandikia kwenye simu na huna Word, soma kwa sauti, na bora zaidi mpe mtu mwingine akusomee, wewe funga macho uwe Atu. Kila atakaposoma kitu ambacho huwezi kukiona ukiwa umefunga macho pale jikoni, mwambie asimame.

Kitu kimoja cha mwisho kuhusu sauti ya mimi, kwa sababu najua utakutana nacho wiki ya kwanza tu. Utachoka na nili-. Niliamka, niliosha uso, nilichukua jembe, niliona ukungu. Dawa yake ni kukumbuka kwamba kwenye mimi kila kilichoandikwa msomaji anajua Atu ndiye kakiona, huna haja ya kumtaja anaona. "Niliona ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba" inatosha kuwa "Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba." Ondoa niliona, nilisikia, niligundua kwamba, popote ambapo sentensi inasimama bila hizo, na uziache sehemu chache ambapo kuona kwenyewe ndiyo habari, kama pale kwenye miguu chini ya meza.

Anza na sura ya sita, halafu ya saba. Ya nane na ya tisa usiziguse mpaka hizo mbili zikae, kwa sababu zikikaa Atu atakuwa anajua mambo tofauti na aliyokuwa anajua ulipoziandika, na nina hakika mazungumzo yake na Gwamaka kwenye sura ya tisa itabidi uyaandike upya yote.